Ramani ya rangi za saa inasema Kigoma ni +2, simu inasema +3. Nani anadanganya hapa?

Chumvi_Uvinza
Wakuu habari za jioni, shikamooni wakubwa. Naomba msaada kwa anayejua haya mambo maana limenigharimu mzigo.

Mimi nauza chumvi ya Uvinza, nashusha Kibirizi kwenye maboti. Nimepata mteja mpya Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, akaniambia nitakupigia kesho saa tatu kamili asubuhi kwa saa zetu tupange bei na siku ya boti. Sasa nina ile ramani kubwa ya dunia ya ukutani yenye rangi za saa, nilinunua Mwanga kwa wale wauza vitabu, nikasema ngoja nihakikishe. Nikaweka kidole Kigoma, nikapanda nacho wima mpaka juu kwenye ule mstari wenye visaa vidogo, nikatua kwenye +2. Nikaweka Kalemie, nikapanda, nikatua hapo hapo +2, tena katikati kabisa sio pembeni. Nikasema basi saa ni moja, sisi na wao tumetenganishwa na maji tu.

Kesho yake nimekaa na simu saa tatu, kimya, saa tatu na nusu kimya, nikaona huyu mtu sio wa maana nikaacha simu kwenye chaji nikateremka Kibirizi. Narudi nakuta missed koli 4 zote za saa nne. Ameshachukua chumvi kwa mtu mwingine.

Sasa mdogo wangu ananiambia Tanzania ni +3. Nikaangalia simu kwenye mipangilio kweli imeandika GMT+03:00. Ramani inasema +2 na simu +3. Ramani imekosewa au mimi ndio sijui kuisoma?

MwishoWaReli
Mkuu pole sana kwa mzigo. Ramani yako feki hiyo, za mtaani hizo wanachapa tu. Kongo iko nyuma yetu saa mbili, mimi nina shemeji yangu Kinshasa, sisi tukiwa saa nne yeye yuko saa mbili. Kwa hiyo huyo mteja alikupigia akiwa saa mbili kwake, na yeye hakuwa makini na ahadi yake.

Manyovu_Boda
Hili tatizo naijua sana ni la mtandao sio ramani. Mimi nikipanda na abiria Manyovu kule mpakani simu inashika mnara wa Burundi yenyewe tu saa inarudi nyuma saa nzima, siku moja nimemchelewesha mama wa watu basi la Kasulu, nilimwambia bado tuna lisaa limoja kumbe simu yangu ishahamia Burundi bila kuniambia. Dawa ingia mipangilio zima saa ya kujiweka yenyewe, chagua Dar es Salaam kwa mkono, basi haitacheza tena.

Chumvi_Uvinza
Boda asante lakini swali langu ni la ramani mkuu, simu yangu iko sawa haijacheza.

Nahodha_Mstaafu
Mleta uzi, ramani yako sio feki na mteja wako hakukosea. Wewe umesoma ule mstari wa juu badala ya kusoma rangi. Hilo ndio kosa la kwanza la kila mtu, hata sisi tulipoanza kazi ya meli tulilifanya.

Iko hivi. Ule mstari wa juu umegawanywa vipande sawasawa, kila kipande nyuzi 15, kwa sababu dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24. Kipande cha +2 kinaanza nyuzi 22 na nusu mashariki mpaka 37 na nusu, katikati yake ni 30. Kigoma iko kama 29.6, ndio maana ulitua katikati kabisa. Lakini kile kipande kinakuambia jua lingetaka saa ngapi kwenye mstari huo, hakikuambii serikali ya mahali hapo imeamua saa ngapi. Serikali ilichoamua kimepakwa kwa rangi juu ya nchi yenyewe.

Kwa hiyo usipande wima. Weka kidole Kigoma, tazama rangi iliyo chini ya kidole. Halafu ifuate rangi hiyo hiyo popote inapokwenda bila kuinua kidole, hata kama inakupeleka kulia, mpaka ufike chini au juu penye namba. Ukifanya hivyo kutoka Kigoma utajikuta unatembea mashariki kupita Tabora, Dodoma, mpaka pwani, ndipo unashuka kwenye namba, na utakuta +3. Rudi uanzie Kalemie uone itakupeleka wapi.

Na huyo anayesema saa mbili, amesema kweli kuhusu Kinshasa, lakini Kalemie sio Kinshasa. Kongo ina rangi mbili.

Chumvi_Uvinza
Mzee shikamoo. Nimefanya sasa hivi na tochi ya simu. Kigoma ina rangi ya machungwa iliyopauka, nimeifuata nimefika mpaka Dar halafu baharini, namba ni +3. Kalemie ina kijani, imeshuka moja kwa moja kwenye +2. Na kweli Kongo imekatwa, upande wa Kinshasa una rangi ya waridi, +1.

Kwa hiyo saa tatu yake ni saa nne yangu. Na missed koli zilikuwa za saa nne kamili. Yule bwana alipiga kwa wakati. Namuomba radhi leo hii.

Ila mzee kuna kitu, hiyo rangi ya machungwa naiona tena kule mbali Amerika. Nayo ni +3?

Nahodha_Mstaafu
Marahaba. Hapana, hiyo ni rangi inayorudiwa. Mchapaji hana rangi 24 ambazo jicho litazitofautisha, kwa hiyo anatumia chache anazizungusha. Rangi inakuambia tu hapa na jirani yake ni tofauti au ni sawa. Namba ndio inakuambia ni ngapi, na namba unaipata kwa kufuata rangi hiyo bila kuruka. Ukiruka bahari kwa sababu rangi zinafanana umepotea.

Na ukiona nchi ina michirizi badala ya rangi tupu, mara nyingi ni zile za nusu saa, kama India ambayo ni +5:30. Hizo namba yake huandikwa juu ya nchi yenyewe, haipo chini.

MtuWaKalemie
Jambo ndugu zetu wa Kigoma. Mimi niko Kalemie. Ni kweli sisi huku tuko na saa ya Lubumbashi, ni moja tu nyuma yenu. Ukitaka kuweka saa ya pili kwenye simu usitafute Kalemie haiko, andika Lubumbashi. Watu wa Kigoma wengi wanaandika Kongo, simu inawapa Kinshasa, halafu wanatupigia usiku wakidhani bado ni mapema ao wanakuja bandarini wamechelewa.

Huku kwetu saa kumi na mbili asubuhi jua linatoka kweli. Nilipokuja Kigoma nikashangaa saa kumi na mbili bado ni giza na watoto wako njiani wanaenda shule.

BintiUjiji
Huyo ndugu wa Kalemie amegusa penyewe. Sisi Ujiji tunalijua hili kwa Ramadhani. Zamani kabla ya simu kuwa na ratiba, watu walikuwa wanafungulia redio ya Dar, ikiadhiniwa magharibi huko, mtoto anashika tende na mama anampiga mkono, sio jua letu hilo! Huku bado jua liko juu ya ziwa kabisa, limebakiza nusu saa na zaidi. Bibi yangu alikuwa anasema redio inafuturu Dar, wewe futuru kwa macho yako.

Nilikuwa sijui kwa nini iwe hivyo wakati saa ni moja nchi nzima. Mzee naomba unieleze hesabu yake ikoje, nimejaribu kutafuta lakini naona maneno mengi tu.

Nahodha_Mstaafu
Bibi yako alikuwa baharia bila meli. Hesabu ni hii, nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4 za jua, maana saa moja ni nyuzi 15. Dar iko kama 39.3 na Kigoma 29.6, tofauti ni 9.7, zidisha kwa 4 unapata kama dakika 39. Jua likizama Dar, huku linasubiri kama dakika 39 ndio lizame. Inacheza kidogo kwa msimu kwa sababu Dar iko kusini zaidi yetu, mwezi wa 6 inafika kama 42 na mwezi wa 12 inashuka kama 35. Lakini ukichukua dakika 39 hutapotea mbali, kwa futari ongeza uangalizi wako mwenyewe.

Sasa chukua hesabu hiyo hiyo uipeleke kwenye ramani. Kigoma 29.6 mara 4 ni dakika 118, yaani jua letu liko mbele ya Greenwich kwa saa 1 na dakika 58. Saa yetu ya ukutani iko mbele kwa saa 3 kamili. Kwa hiyo saa ya Kigoma imelitangulia jua la Kigoma kwa dakika 62. Kalemie ambayo karibu iko mstari mmoja na sisi, saa yake na jua lake vimeachana kwa dakika tatu nne tu. Ukisimama Kigoma na mwenzako akasimama Kalemie mkatazama jua lile lile, kati yenu hakuna hata dakika 2 za jua, lakini kuna saa nzima ya ukutani. Hiyo saa nzima imewekwa na watu.

MwishoWaReli
Nakubali nilikosea kwa Kinshasa. Lakini nina pointi nyingine wakuu. Mipaka ya saa inafuata maumbile, ziwa ndio limekuwa mpaka kwa sababu ni kizuizi, huwezi kugawa saa katikati ya kijiji lakini katikati ya maji unaweza. Ndio maana mstari umepinda pinda, unafuata ziwa, mto, mlima.

Ticha_Tabora
Mimi nafundisha jiografia hapa Tabora, naomba nichangie kidogo kwa sababu hilo la maumbile wanafunzi wangu pia hulisema kila mwaka.

Uko karibu na ukweli lakini sababu umeigeuza. Mpaka wa saa unafuata mpaka wa nchi, na mpaka wa nchi ndio umepita katikati ya ziwa. Angalia ushahidi, kule Manyovu alikosema Boda hakuna ziwa, ni vilima na mashamba, watu ni wale wale, Waha na Warundi wanasikilizana lugha, lakini saa inabadilika pale pale. Na Ziwa Victoria ni kubwa kuliko letu lakini Tanzania, Uganda na Kenya zimelizunguka zote zina rangi moja, ziwa halikugawa kitu.

Jaribuni kufuata huo mstari kati ya +2 na +3 kwenye ramani muone mpindo wake. Anzeni Uganda na Kongo, mnashuka mpaka wa Uganda na Rwanda, halafu sisi na Rwanda, sisi na Burundi, mnaingia Ziwa Tanganyika, mnatoka kwa Zambia, mnapita Malawi, halafu mnageuka mashariki na mto Ruvuma mpaka baharini. Pale ziwani mko nyuzi 29 na kitu, pale Ruvuma inapoingia bahari mko nyuzi 40. Mstari mmoja umetembea nyuzi 11 kwenda mashariki, wakati ulitakiwa uwe umenyooka juu ya 37 na nusu. Ni mpaka wa Tanzania tu umepakwa rangi, hakuna kingine.

Na kuna jambo ambalo likimkaa mwanafunzi hasahau. Huo mstari wa 37 na nusu ukiuchora unapita kati ya Moshi na Morogoro, Moshi inabaki magharibi kidogo, Morogoro mashariki kidogo. Maana yake kwa jua, Dodoma, Arusha, Iringa, Mwanza, Tabora, Kigoma zote ni watu wa +2. Uganda yote ni +2. Hata Nairobi yenyewe, 36.8, ni +2. Wanaostahili +3 kwa jua ni pwani na ukanda mwembamba nyuma yake. Sisi Afrika Mashariki tumevaa saa ya watu wa pwani.

Manyovu_Boda
Ticha kwa hiyo Burundi ndio wako sahihi sisi ndio tuko makosa?

Ticha_Tabora
Hakuna makosa, kila nchi inachagua. Tazama Msumbiji, wao wako +2, na kule Palma juu kabisa ni nyuzi 40 na nusu. Wao ni kinyume chetu, jua limewatangulia. Saa sita mchana ya jua kule inafika saa tano na dakika 18 kwa saa ya ukutani, na alfajiri kwa wastani jua linachomoza kama saa kumi na moja na robo. Ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara, mtu anaona jua hilo hilo linachomoza saa kumi na mbili na robo. Sisi Kigoma na Tabora tunachelewa kuona jua, Palma wanawahi, na wote wawili ni kwa sababu ya kufuata mpaka wa nchi.

Nahodha_Mstaafu
Ticha umesema vizuri. Niongeze moja kwa mleta uzi, tazama bahari kwenye ramani yako. Baharini mistari imenyooka kama rula. Huko hakuna nchi, meli inafuata vipande vya nyuzi 15 na nahodha ndiye anaamuru usiku saa isogezwe mbele au nyuma saa moja. Mara mstari unapogusa ardhi unaanza kupinda. Kwa hiyo popote unapoona kona, jiulize ni nchi gani imeupinda na kwa faida ya nani.

Kiribati ndio kona kubwa kuliko zote, iko kwenye mstari wa kubadili tarehe kule Pasifiki. Visiwa vyake vilikuwa vimegawanywa na tarehe, huku Jumatatu kule bado Jumapili, nchi moja. Mwaka 1995 wakauhamisha mstari kwenda mashariki, visiwa vya mwisho vikawa +14. Ukiona ramani yako ina kitu kama nyundo kimetokeza pale, ndio hicho. Samoa nao waliiruka tarehe 30 Desemba 2011 yote, walilala tarehe 29 wakaamka 31, ili wiki yao ya kazi ifanane na Australia na New Zealand wanaofanya nao biashara.

BintiUjiji
Subhanallah, waliozaliwa tarehe 30 Desemba, mwaka huo walikosa siku yao!

Mzee na Ticha, sasa kwa nini Burundi wasiwe na sisi? Babu zetu walisema zamani kulikuwa nchi moja ya Mjerumani, Burundi, Rwanda na huku.

Ticha_Tabora
Ndio ilikuwa koloni moja. Baada ya vita vya kwanza Ruanda-Urundi ikaenda kwa Mbelgiji ambaye Kongo ilikuwa tayari yake, Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza. Ukitazama ramani ya leo mpaka wa saa wa hapa Kigoma unalala juu ya mgawanyo ule ule. Sisi tukawa upande mmoja na Kenya na Uganda, tulikuwa na reli ya pamoja, posta ya pamoja, huwezi kuendesha reli moja kwa saa tatu tofauti. Kenya yenyewe iliwahi kutumia +2:45 kabla ya kutulia kwenye +3, kwa hiyo hata hiyo tatu haikuanguka kutoka mbinguni.

MwishoWaReli
Ticha hapo nakupinga kidogo, kama ni Mwingereza mbona Zambia na Malawi nazo zilikuwa za Mwingereza na ziko +2? Na Msumbiji ya Mreno ni +2 vile vile.

Ticha_Tabora
Hoja yako ina uzito. Wale walikuwa wanaelekea kusini, Rhodesia na Afrika Kusini, biashara na reli zao zilikwenda huko na huko ni +2. Nafikiri mtu anafuata saa ya anakopeleka mzigo kuliko saa ya mtawala wake. Lakini hilo ni wazo langu, siwezi kukuapia.

Chumvi_Uvinza
Wakuu nimejifunza sana. Sasa jana mchana nimefanya kitu, baada ya mzee kusema saa yetu imelitangulia jua kwa dakika 62 nikasema nihakikishe. Nimesimamisha fimbo ya mita moja uani, nimeinyoosha kwa kamba yenye jiwe, nikaanza kutia alama ncha ya kivuli kwa vijiti kuanzia saa sita na nusu kila dakika tano. Saa sita na nusu kivuli kilikuwa bado kinapungua. Kilikuwa kifupi kuliko vyote kati ya saa saba na saa saba na dakika tano, kama nusu mita na vidole viwili, kimeelekea kusini. Baada ya hapo kikaanza kurefuka. Kwa hiyo saa sita mchana ya kweli ya Kigoma ni saa saba ya ukutani! Mke wangu ameona kwa macho yake.

Nahodha_Mstaafu
Hongera, hiyo ndio kazi. Saa saba na dakika mbili ndio hesabu ilivyosema. Ila nikutahadharishe, umebahatika kwa sababu ni mwezi wa 6. Ukirudia mwezi wa 2 utapata kama saa saba na robo, na mwanzoni mwa mwezi wa 11 utapata kama saa saba kasorobo. Usidhani fimbo imeharibika. Jua lenyewe halitembei sawasawa mwaka mzima, linawahi na kuchelewa kwa sababu njia ya dunia kulizunguka sio duara kamili na dunia imeinama. Dakika 62 ni wastani wa mwaka.

MtuWaKalemie
Na mimi nitafanya huku na fimbo, nitaona kama ni saa sita.

MwishoWaReli
Sasa wakuu tuongee ukweli, kwa nini Kigoma tusipewe +2 yetu? Watoto wa shule wanatoka nyumbani giza, kuna wanaopita vichakani. Saa ya Kiswahili yenyewe saa moja asubuhi maana yake jua limekaa juu saa nzima, huku Kigoma saa moja ndio kwanza linachungulia. Kongo wameweza rangi mbili, sisi tunashindwa nini?

BintiUjiji
Kaka mimi naona tabu. Benki makao makuu Dar, wizara Dodoma, basi linatoka huku alfajiri, treni inapita. Ukivuka Malagarasi unabadilisha saa? Boda wetu wa Manyovu saa moja tu ya simu imemkosesha mama basi.

Ticha_Tabora
Na mstari utaukata wapi? Tabora saa yetu imelitangulia jua dakika 49, nasi tutadai. Ukitukubali sisi, Singida na Dodoma nao watadai, mwisho unabaki na Dar, Tanga, Pwani, Lindi, Mtwara. Kongo wao wamefuata mipaka ya majimbo, lakini nchi yao ni pana mno, kutoka Atlantiki mpaka hapa ziwani. Kwa watoto wa shule mimi ningesogeza kengele sio saa. Shule ianze saa mbili badala ya kengele ya saa moja na nusu.

MwishoWaReli
Kengele ukisogeza mwalimu anatoka saa ngapi? Mzazi ofisini anaingia saa moja na nusu, mtoto atamuacha na nani? Mimi bado sijaridhika.

Chumvi_Uvinza
Mzee Nahodha swali la mwisho samahani nakusumbua. Nimeangalia tena ramani yangu, Sudan Kusini ina rangi ya machungwa kama yetu, lakini Sudan yenyewe ni kijani kama Kalemie. Mteja wangu mwingine yuko Juba, anataka samaki wakavu. Niamini?

Nahodha_Mstaafu
Usiamini, ramani yako imezeeka. Sudan ilihamia +2 Novemba 2017. Sudan Kusini ilibaki +3 mpaka tarehe 1 Februari 2021 nayo ikahamia +2. Kwa hiyo ramani inayoonyesha Sudan ya kijani na Sudan Kusini ya machungwa imechorwa kwa hali ya kati ya miaka hiyo. Zote zikiwa rangi yetu, ni ya kabla ya hapo. Zote zikiwa za Kalemie, ni ya karibuni. Mimi hizo ndio nchi ninazotazama kwanza nikipewa ramani ya saa nisiyoijua umri.

Juba ni saa moja nyuma yako, kama Kalemie.

Manyovu_Boda
Mzee mlipokuwa mnavuka kutoka Kigoma kwenda Mpulungu kwa meli, saa mlibadilisha pale katikati ya ziwa au mkifika? Maana Zambia ni +2.

Nahodha_Mstaafu
Mpaka umechorwa majini lakini hakuna boya la kukuambia saa imebadilika hapa. Tulikaa na saa ya Tanzania njia nzima, vituo vyote vya njiani ni vya kwetu na watu wanasubiri meli kwa saa yetu. Gati ya Mpulungu ndio tulirudisha nyuma, na abiria wengi walikuwa hawarudishi kabisa kwa sababu wanageuza na meli hiyo hiyo. Kwa wenye maboti ya kwenda Kalemie sijui siku hizi wanafanyaje, waulizwe Kibirizi.

Chumvi_Uvinza
Nimeuliza leo Kibirizi. Nahodha wa boti mmoja ameniambia anaandika kwenye daftari saa mbili zote, ya kuondoka anaandika ya Kigoma, ya kufika anaandika ya Kalemie, na mwenye mzigo asipojua anadhani boti limekimbia sana kwenda na kuchelewa sana kurudi. Mwingine amesema yeye hajawahi kubadilisha, wateja wake ndio wanajumlisha.

Mteja wangu wa Kalemie nimempigia, ameelewa, atachukua mifuko 60 boti la Alhamisi. Tumekubaliana saa nne ya Kigoma, na nimemtajia zote mbili.

MtuWaKalemie
Fimbo yangu: kivuli kifupi saa sita na dakika tano hivi. Nilitia alama kila dakika kumi kwa hiyo sina hakika sana, kesho nitarudia.